Mafaili Matatu: Kucheza Gemu za Pleistesheni ya Kwanza kwenye Simu, na Sheria Inasemaje

Tuseme uko Ngana, kule Kyela, una simu ya Android ya kawaida tu, ile ya ramu ya gigabaiti mbili au tatu. Unakumbuka gemu za Pleistesheni ya kwanza ulizocheza kwenye banda, sarafu mkononi, watu watano wanasubiri zamu nyuma yako. Mashine zile nyingi zimeshakufa. Rafiki anakuambia: "Mbona rahisi, weka emuleta, nakurushia kila kitu kwa Xender." Dakika kumi baadaye una mafaili kwenye simu na gemu inacheza. Au haichezi, na hujui kwa nini.

Hicho anachokiita "kila kitu" ni mafaili matatu tofauti, na kila moja lina kazi yake na mwenyewe wake. La kwanza ni emuleta yenyewe. La pili linaitwa BIOS. La tatu ni gemu. Mtu asiyeyatenganisha hawezi kujua tatizo liko wapi gemu inapogoma, na hawezi kujua lipi ni halali kuwa nalo na lipi si halali. Basi tuyachukue moja moja.

Emuleta: simu inayojifanya mashine nyingine

Pleistesheni ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1994. Ndani yake kuna prosesa ya aina ya MIPS inayokwenda kwa megahezi 33.9 hivi, na ramu ya megabaiti 2. Simu yako, hata ile ya bei ya chini, ina prosesa inayokwenda zaidi ya gigahezi moja. Kwa nguvu, hakuna ushindani. Shida ni lugha. Gemu iliandikwa kwa maagizo ya MIPS, na prosesa ya simu yako ni ya ARM, haielewi hata agizo moja kati ya hayo.

Emuleta ni mkalimani anayesimama katikati. Inasoma maagizo ya gemu, inayageuza kuwa maagizo ya ARM, na kuyaweka pembeni yale iliyokwisha kuyageuza ili yakirudi tena isianze upya. Wakati huohuo inaigiza sehemu nyingine za mashine: kile kinachochora picha, kinachotoa sauti, kinachosoma diski, hata ile memori kadi ndogo ya kilobaiti 128 uliyokuwa unahifadhia ulipofika. Vyote viende kwa mwendo mmoja. Sauti ikitangulia au picha ikichelewa, mchezaji anahisi mara moja.

Zingatia hapa: mkalimani huyu ameandikwa na watu wengine kabisa, si Sony. Emuleta tutakayotumia inaitwa PCSX ReARMed, na inakaa ndani ya programu iitwayo RetroArch. Zote mbili zinatolewa bure kwa leseni huria ya GPL, yaani walioziandika wamekuruhusu kuzitumia, kuzinakili na kumpa mwenzako. Kwa hiyo faili la kwanza halina utata. Angalia tu umelipata wapi. Lichukue kwenye tovuti ya wenyewe, `retroarch.com`, au kwenye duka la programu la simu yako. APK iliyopita kwenye simu za watu kumi huwezi kujua imeongezewa nini njiani.

BIOS: programu ya kuamshia mashine

Ulipokuwa unawasha Pleistesheni, kabla hata diski haijaanza kuzunguka vizuri, ilitokea nembo na ule mlio wake. Hiyo ilikuwa BIOS ikifanya kazi. Ni programu ndogo ya kilobaiti 512, imechomwa ndani ya mashine kiwandani, na gemu huitumia kama gari linavyotumia barabara: kusoma diski, kuandika kwenye memori kadi, kupokea vibonyezo vya pedi.

Programu hii iliandikwa na Sony. Ni mali yao kama kitabu kilivyo mali ya mwandishi wake. Mafaili yenye majina kama `scph5501.bin` au `scph5502.bin` yanayozunguka mitandaoni ni nakala za programu hiyo, na anayeyagawa hana ruhusa ya kuyagawa. Watu wengi hufikiri kwa kuwa faili ni dogo na mashine imezeeka, basi halina mwenyewe. Sivyo.

Bahati nzuri kwako, PCSX ReARMed haihitaji faili hilo ili iwake. Ina BIOS ya kuigiza, iliyoandikwa upya na watu wengine: gemu ikiomba "nisomee diski", emuleta inajibu kwa msimbo wake yenyewe, bila kutumia hata mstari mmoja wa Sony. Gemu nyingi zinakubali. Chache zinagoma au zinasumbua kwenye kuhifadhi. Huo ndio mpaka wa njia hii, na ni vizuri uujue mapema.

Wazo hili la kuandika BIOS yako mwenyewe lilishapimwa mahakamani. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani iitwayo Connectix ilitoa programu ya kuchezea gemu za Pleistesheni kwenye kompyuta ya Makintoshi. Sony wakaishtaki. Connectix walikuwa wameinakili BIOS ya Sony maabara ili waichunguze inavyofanya kazi, halafu wakaandika ya kwao. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya huko ikasema kunakili kwa ajili ya kuchunguza, katika mazingira yale, kulikuwa matumizi ya haki, kwa kuwa bidhaa iliyouzwa haikuwa na msimbo wa Sony ndani. Hiyo ni hukumu ya Marekani, haifungi mahakama zetu. Lakini ndiyo sababu kubwa watu husema kwa kujiamini kwamba emuleta yenyewe si kosa. Na tazama hukumu iliruhusu nini: kuandika mkalimani. Kugawa BIOS ya Sony au gemu za watu hakumo.

Gemu: anza na diski iliyo mkononi

Sasa faili la tatu, lenye maneno mengi kuliko yote. Njia safi ni kuwa na diski yako halisi na kutoa nakala kutoka humo. Swali la kwanza basi: diski yako ni halisi?

Igeuze. Diski halisi za Pleistesheni ya kwanza ni nyeusi kwa chini. Ukiona ya fedha, ya kijani au ya zambarau, hiyo ni ya kuchomwa, hata kama juu imebandikwa picha nzuri. Nyingi zilizokuwa kwenye mabanda yetu zilikuwa hizo, na ndiyo maana mashine zile zilitiwa chipu: mashine ya kawaida hutafuta alama maalumu kwenye diski, alama ambayo kifaa cha kuchomea hakiwezi kuiandika, na isipoiona inakataa. Chipu ilikuwa inaidanganya. Nakala ya diski ya kuchomwa inabaki kuwa nakala ya nakala isiyo halali. Kuipitisha kwenye kompyuta yako hakuisafishi. Na usijaribu kipimo hiki kwenye diski za Pleistesheni ya pili, kwa sababu hizo halisi zake ni za bluu au za fedha.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Una diski nyeusi ya *Crash Bandicoot*, gemu ya mwaka 1996. Juu yake kuna namba ya `SCES-00344`. Herufi hizo zina maana: SCES na SLES ni toleo la Ulaya, SCUS na SLUS ni la Marekani, SLPS na SCPS ni la Japani. Kumbuka hiyo ya kwako ni ya Ulaya, tutaihitaji baadaye.

Unahitaji kompyuta yenye sehemu ya kuingizia diski. Za namna hiyo bado utazikuta kwenye stesheneri, au ofisi yenye kompyuta ya mezani ya zamani. Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kwenye Windows, programu iitwayo ImgBurn ina kazi ya kutengeneza faili kutoka kwenye diski. Kwenye Linux amri ni hizi mbili:

```
cdrdao read-cd --read-raw --datafile crash.bin --device /dev/sr0 --driver generic-mmc:0x20000 crash.toc
toc2cue crash.toc crash.cue
```

Utapata mafaili mawili ya kuhama nayo. `crash.bin` ndilo lenye gemu, na linaweza kufika megabaiti mia kadhaa kwa sababu diski ya CD hubeba hadi 700 hivi. `crash.cue` ni maandishi mafupi tu yanayoeleza ndani ya `.bin` kuna nini na kinaanzia wapi. Watu hulitupa hili dogo wakidhani ni takataka, halafu gemu inacheza bila muziki au haiwaki kabisa.

Ukitaka kuokoa nafasi kwenye simu, yabane yote mawili yawe moja:

```
chdman createcd -i crash.cue -o crash.chd
```

Hakuna kinachopotea ndani, na emuleta inalisoma lilivyo. Na angalia jambo jingine: kazi yote hii haijala bando hata kidogo. Kuishusha gemu hiyohiyo mtandaoni kungekula bando la siku nzima, tena bila uhakika wa ulichopata.

Kwenye simu

Hamisha `crash.chd` kwa waya, uiweke kwenye folda yako mwenyewe, mfano `Gemu`. Fungua RetroArch. Gusa `Load Core`, kisha `Download a Core`, utafute `Sony - PlayStation (PCSX ReARMed)`. Hapo bando linatumika, lakini kidogo tu. Baada ya hapo gusa `Load Content`, nenda kwenye folda yako, chagua gemu. Usipoweka BIOS ya Sony, emuleta inatumia ile ya kuigiza bila kukuuliza, na hutaona nembo ya mwanzo. Usidhani imeharibika. Inaruka moja kwa moja kwenye gemu.

Isipokwenda sawa, dalili zinakuambia tatizo liko kwenye faili gani.

Sauti ikikwaruza na kukatika wakati picha inaonekana nzuri, mara nyingi simu imezidiwa. Sauti ndiyo ya kwanza kulalamika kwa sababu sikio linasikia pengo dogo ambalo jicho halilioni. Funga programu nyingine, zima hali ya kuokoa betri, maana hiyo hupunguza mwendo wa prosesa makusudi. Ukitaka uhakika, washa `Display Framerate` kwenye mipangilio. Hapa ndipo ile namba ya diski inaporudi: gemu ya Ulaya huenda fremu 50 kwa sekunde, ya Marekani na Japani karibu 60. Ukiona 50 kwenye `SCES-00344` uko sawa kabisa, usihangaike kutafuta 60.

Gemu ikikataa kuwaka mara tu baada ya wewe kubadilisha jina la faili, fungua `.cue` kama maandishi. Mstari wa kwanza umetaja jina la `.bin`. Ukibadilisha moja, badilisha na lingine.

Gemu ikicheza vizuri halafu ikaganda palepale kila mara, kwanza shuku mkwaruzo kwenye diski. Inakili tena na usome kama kompyuta inataja makosa. Lakini baadhi ya gemu za Ulaya zilitiwa kinga iitwayo LibCrypt, iliyofichwa kwenye sehemu ya diski ambayo `.bin` haiibebi. Nakala yake inaonekana nzima, kisha inagoma katikati. *Crash Team Racing* ya Ulaya ni mojawapo. Hapo kosa si la simu wala la emuleta.

Sheria inasemaje

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Programu za kompyuta zimo katika kazi zinazolindwa, na gemu ni programu, tena yenye muziki, michoro na hadithi ndani yake. Kazi haihitaji kuwa ya Mtanzania ili ilindwe: nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, hivyo kazi ya Mjapani au Mmarekani inalindwa hapa pia.

Hoja utakayoisikia sana ni "hii ni ya zamani, haiuzwi tena, haina mwenyewe." Ipime kwa Crash wetu. Sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani, kazi ya kampuni iliyotoka 1996 inalindwa miaka 95, yaani mpaka mwisho wa 2091. Na mwenyewe yupo: haki za Crash zilikuwa za Activision, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2023, na gemu tatu za kwanza zilitengenezwa upya na kuuzwa tena kuanzia 2017. Kwenye sheria hakuna fungu la "gemu iliyotelekezwa." Kuacha kuuza kitu si kukigawa.

Na nakala uliyoitoa kwenye diski yako? Sheria za Ulaya na Marekani zinamruhusu mwenye programu halali kuweka nakala ya akiba. Lakini ruhusa hiyo imefungwa kwenye diski. Marekani, ukiiuza diski, nakala unaiambatanisha au unaifuta. Kokote uliko, hoja ya "ni nakala yangu binafsi" inaisha pale unapoirusha kwa mwenzako. Hapo umeshasambaza. Kwa hiyo ukiwa Ngana na umetoa nakala ya diski yako, icheze, mpe ndugu yako simu acheze naye, ila faili libaki kwako.

Wanaoshtakiwa zaidi duniani ni wasambazaji. Mwaka 2018 wenye tovuti mbili za kugawa gemu za Nintendo walikubali hukumu ya dola milioni 12. Mwaka 2024 watengenezaji wa emuleta ya Nintendo Switch iitwayo Yuzu walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kazi. Hii ya pili inawachanganya watu: si tulisema emuleta ni halali? Tofauti ni kufuli. Gemu za Switch zimefungwa kwa funguo za siri, na Nintendo walidai Yuzu ilikuwa njia ya kulivunja kufuli hilo, jambo ambalo sheria ya Marekani inalikataza peke yake. Shauri liliisha kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa. Diski ya Pleistesheni ya kwanza haina data iliyofungwa namna hiyo, na ndiyo sababu nimechagua mashine hii kwa mfano.

Kama una banda, au unawaza kufungua moja pale karibu na stendi kwa simu na televisheni, mambo yanabadilika. Ukimtoza mtu shilingi acheze, si matumizi binafsi tena, hata kama diski ni nyeusi. Hata emuleta yenyewe isome leseni: PCSX ReARMed haikukatazi biashara, lakini Snes9x, emuleta maarufu ya Super Nintendo, leseni yake inakataza matumizi ya kibiashara waziwazi.

Kama huna diski nyeusi

Wengi hatuna. Njia iliyobaki safi ni gemu mpya zilizoandikwa kwa mashine za zamani na watu walioamua kuzigawa. Mfano ni *µCity*, gemu ya kujenga mji iliyoandikwa kwa Game Boy Color na kutolewa kwa leseni ya GPL, pamoja na msimbo wake wote. Faili lake halifiki megabaiti moja. Kwenye RetroArch unashusha emuleta ya Game Boy, mfano `Gambatte`, unafungua faili, unaanza kuchora barabara na kugawa viwanja. Na hilo, rafiki yako akiliomba kwa Xender, mrushie bila wasiwasi. Mwenyewe ameshasema ndiyo.

Kwa faili lolote jingine litakalofika kwenye simu yako, uliza mambo mawili kabla ya kulifungua: nani aliliandika, na nani alimruhusu huyu aliyenipa? Kwa emuleta majibu yameandikwa kwenye leseni. Kwa BIOS ya Sony jibu la pili ni "hakuna". Kwa gemu, geuza diski uangalie rangi yake.